Barua Pepe ya Shukrani kwa Mfadhili: Ianze Kukaguliwa kwenye Salio

Anayejua nguo huigeuza ndani akatazama mishono kabla ya kusifu rangi. Barua pepe ya kumshukuru mfadhili na kumweleza fedha zake zilivyotumika nayo ina upande wa ndani, na upande huo ni hesabu. Msomaji mzoefu haanzi na salamu, wala na picha ya watoto waliopangwa mbele ya tangi jipya. Macho yake hushuka moja kwa moja kwenye tarakimu, akitafuta kiasi kilichoingia benki na kiasi kilichobaki. Akivipata vyote viwili, na matumizi yaliyo katikati yakajumlika, hurudi juu akasoma shukrani kwa moyo mweupe. Asipovipata, kila sifa iliyomo humfanya ajiulize inafunika nini.

Tusizungumze hewani. Hapa kuna mfano niliotunga, wenye bei na vipimo vya aina unavyokutana navyo kwenye miradi midogo ya pwani ya Tanga. Shule moja ya msingi wilayani Pangani ina wanafunzi 384. Maji ya kunywa yalikuwa yakichotwa kisimani, umbali unaokaribia kilomita moja, na waliotumwa na madumu walikuwa wasichana wa darasa la sita na la saba. Watu waliosoma shuleni hapo zamani, ambao sasa wanaishi Maskati, wakachangishana dola 5,000 wakaituma kamati ya shule ijenge mfumo wa kuvuna maji ya mvua: matangi mawili ya plastiki ya lita 10,000 kila moja, mifereji kwenye paa la madarasa, na koki sita. Ujenzi ulikwisha kabla ya mvua za vuli. Sasa ni Aprili, masika imeshika, na mwenyekiti wa kamati ameketi kuandika.

Barua ambayo wengi wangeiandika ni hii:

"Ndugu wafadhili wetu wapendwa, tunapenda kuchukua fursa hii adhimu kuwashukuru kwa dhati kwa msaada wenu mkubwa wa dola 5,000, ambazo zimetumika zote kama ilivyokusudiwa. Mradi umewanufaisha zaidi ya watu 2,300. Wanafunzi sasa wanapata maji safi na salama mwaka mzima, mahudhurio yameongezeka na magonjwa ya tumbo yamepungua kwa asilimia 70. Hatuna cha kuwalipa, Mwenyezi Mungu ndiye atakayewalipa. Bado tunakabiliwa na changamoto nyingi zikiwemo vyoo, madawati na nyumba za walimu, hivyo tunaomba msituchoke. Tafadhali angalieni viambatisho."

Aliyeiandika si mwizi. Huenda kila senti ilikwenda mahali pake. Ameandika tu kama anavyodhani wafadhili wanataka kusikia, na kwa kufanya hivyo amejiondolea ushahidi wote aliokuwa nao. Tuipitie taratibu, maana kila sentensi yake ina ufa, na nyufa hizo ndizo zinazomfunza mtu kuitambua barua nzuri.

Nianze na zile dola 5,000 "zimetumika zote". Fedha zinazotoka nje ya nchi aghalabu hupita kwenye benki ya katikati, na aliyetuma akichagua makato yagawanywe kati yake na mpokeaji, benki hiyo hukata chake njiani. Katika mfano wetu zilizofika ni dola 4,965. Benki ya hapa ikazibadilisha kwa shilingi 2,500 kwa dola, zikaingia kwenye akaunti ya kamati Sh 12,412,500. Kuanzia hapo dola zimekwisha kazi yake. Saruji hainunuliwi kwa dola, fundi halipwi kwa dola, na anayeripoti matumizi kwa dola amelazimika kugawanya kila risiti kwa kiwango fulani ambacho hakukitaja. Barua nzuri hutaja kilichotumwa, kilichofika, siku kilipofika na kiwango cha kubadilishia, kisha inaendelea kwa shilingi hadi mwisho. Hiyo ni sentensi moja tu. Mhasibu wa upande wa pili akiiona, anajua anazungumza na mtu aliyeishika karatasi ya benki mkononi.

Neno "zote" ndilo linalonishtua zaidi. Ujenzi hauishii kwenye sifuri. Bei ya tangi hushuka kidogo au hupanda, lori hudai zaidi, bomba hubaki. Hesabu inayofunga sawasawa na bajeti, hadi shilingi ya mwisho, ni dalili kwamba mwandishi alichukua bajeti ya maombi akabadilisha kichwa tu, "Makadirio" yakawa "Matumizi". Dalili nyingine ni tarakimu mviringo: saruji 1,000,000, usafiri 500,000, ufundi 2,000,000. Anayelipa kweli hulipa 380,000 kwa lori, kwa sababu mwenye lori alitaka 400,000 na wakabishana.

Ndiyo maana kinachotofautiana na bajeti si aibu ya kufichwa. Hapo ndipo barua inapopata uzito. Katika mfano wetu, msingi wa kubebea matangi ulikadiriwa Sh 2,200,000 ukala Sh 2,640,000, yaani asilimia 20 zaidi. Sababu inaelezeka kwa sentensi mbili. Tangi la lita 10,000 likijaa, maji peke yake yana uzito wa tani 10, na mawili ni tani 20. Udongo wa pale ni mchanga mtupu, kwa hiyo fundi alichimba zaidi ya ilivyopangwa akaongeza mawe na nondo ili jukwaa lisizame upande mmoja. Kwa upande mwingine matangi yalikadiriwa Sh 2,400,000 kila moja, yakapatikana Tanga mjini kwa Sh 2,150,000, na ile nafuu ya Sh 500,000 ikaziba pengo la msingi.

Angalia msomaji anapata nini hapo. Anajua fedha zilihama kutoka kifungu gani kwenda kifungu gani, anajua kwa nini, na sababu yenyewe anaweza kuipima mwenyewe hata akiwa Maskati, kwa kuwa uzito wa maji haubadiliki. Maelezo mabovu ya tofauti ileile husema "kutokana na kupanda kwa gharama za vifaa". Sentensi hiyo inafaa mradi wowote, mwaka wowote, na kwa hiyo haimwambii mtu chochote. Kuna jambo jingine ambalo aliyeishi na mikataba ya ruzuku hulitazama: je, kamati iliomba ruhusa kabla ya kuhamisha? Mikataba mingi huruhusu kifungu kuzidi kwa asilimia 10 bila kuuliza. Zaidi ya hapo lazima mfadhili akubali kwa maandishi. Barua nzuri inakumbusha tarehe ya ruhusa hiyo kwa maneno machache, "kama mlivyoturidhia Septemba 14", na kuendelea na safari.

Risiti hazihitaji kuelezwa ndani ya barua, ila anayepima ubora atafungua kiambatisho na kutazama mambo mawili matatu. Duka lililosajiliwa hutoa risiti ya EFD yenye msimbo wa uhakiki, na msimbo huo unaweza kukaguliwa kwenye tovuti ya TRA. Karatasi ya risiti hizo huchapwa kwa joto na hufifia. Baada ya miezi michache inaweza kubaki nyeupe kama haikuandikwa kitu, kwa hiyo kamati yenye akili huipiga picha siku ileile. Fundi na vibarua hawana mashine. Kwao hutumika hati ya malipo yenye jina, idadi ya siku, malipo ya siku na sahihi au dole gumba. Hati kumi zenye mwandiko mmoja, kalamu moja na tarehe moja humfanya mkaguzi akae vizuri kwenye kiti. Na mimi, nikiletewa mradi wa kijijini wenye risiti safi za EFD hadi kwa aliyeuza mchanga, huingiwa na shaka zaidi kuliko nikiuona na hati mbili za malipo zilizochafuka saruji.

Sasa maji yenyewe. Hapa ndipo barua nyingi nzuri kwa fedha huanguka, kwa kuwa aliyeandika hesabu kwa uangalifu anapofika kwenye mafanikio huona amemaliza kazi ya kuhesabu na anaanza kusifu. "Maji safi na salama mwaka mzima." Tujaribu kuona.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lililofungwa mifereji lina urefu wa mita 30 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 240, kwa hiyo kila milimita ya mvua inaleta lita 240. Si zote zinazofika tangini. Nyingine huruka pembeni, nyingine hukauka juu ya bati lenye joto, na zile za kwanza humwagwa makusudi kwa sababu zinaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Ukikadiria kwamba asilimia 80 inafika, ni lita 192 kwa milimita. Kuyajaza matangi yote mawili, lita 20,000, kunahitaji mvua ya milimita 104 hivi. Kwa pwani ya Tanga wakati wa masika hilo si tatizo. Mwezi mmoja wa Aprili hutosha na kubaki.

Tatizo liko upande wa kutoa. Wanafunzi 384 wakinywa lita moja na nusu kila mmoja kwa siku ya shule, zinatoka lita 576 kwa siku. Gawanya 20,000 kwa 576: ni siku 34 za shule na kidogo, chini kidogo ya wiki saba. Matangi yalijaa Desemba, shule ikiwa imefungwa. Watoto wakarudi Januari, na Januari na Februari ni kiangazi huku pwani. Hata bila kufika Pangani, msomaji wa Maskati mwenye kalamu anaweza kukwambia maji yaliisha karibu na mwisho wa Februari, na masika haikuwa imeanza. Barua inayosema "mwaka mzima" imekanushwa na tangi lenyewe.

Na hilo ndilo jambo ninalolitafuta kuliko yote katika barua za aina hii: je, mafanikio yanayodaiwa yanaingia ndani ya kitu kilichonunuliwa? Visima, matangi, vyerehani, vitabu, mizinga ya nyuki, kila kimoja kina kikomo chake. Vyerehani vitano haviwezi kufundisha watu 200 kwa miezi mitatu kama chumba ni kimoja na mwalimu ni mmoja. Anayejua kazi yake hutaja kikomo hicho mwenyewe kabla hajaulizwa. Barua inayosema "maji yalitosha hadi wiki ya mwisho ya Februari, kwa wiki tatu baada ya hapo tulirudi kisimani" inanifanya niamini kila kitu kingine kilichoandikwa ndani yake, pamoja na zile sehemu ambazo siwezi kuzihakiki.

Asilimia 70 ya magonjwa ya tumbo ni jambo dogo, lakini nilizungumzie kwa kuwa linajirudia sana. Ukiuliza asilimia hiyo imetoka wapi, mara nyingi utaambiwa mwalimu wa afya alikumbuka watoto kama kumi waliougua muhula mmoja na watatu muhula uliofuata. Kumi hadi tatu ni kweli ni asilimia 70. Ila idadi ikiwa ndogo hivyo, mtoto mmoja anaisogeza kwa asilimia kumi, na muhula mmoja ulikuwa wa mvua na mwingine wa jua. Barua nzuri huandika "kumi" na "watatu" kama ilivyo, ikitaja daftari lilikotoka, au huliacha jambo lenyewe kabisa. Mahudhurio ni vivyo hivyo: daftari la mahudhurio lipo kila shule, na ulinganisho wenye maana ni Januari hii na Januari ya mwaka jana. Ukilinganisha Oktoba na Januari umelinganisha misimu ya shamba na shule zinapofunguliwa, na tangi halimo.

Kuhusu wale watu 2,300, zidisha 384 kwa watu sita wa kaya utapata 2,304. Kila mwanafunzi amehesabiwa na baba, mama, bibi na wadogo zake ambao hawajawahi kufungua koki ya shule. Zoea hili limeenea kiasi kwamba wafadhili wengine wameshajifunza kugawanya kwa sita kimyakimya.

Kuna kipimo kimoja cha mafanikio ambacho barua ile ya kwanza haikukitaja kabisa, nacho ndicho kizuri kuliko vyote vilivyotajwa. Wasichana wa darasa la sita na la saba walikuwa wakikosa vipindi viwili kila Jumatatu na Alhamisi wakichota maji. Ratiba ya darasa ipo ukutani, walimu wanajua nani alitoka na nani alirudi. Sasa hawatoki. Badiliko hilo linatokana moja kwa moja na tangi, halihitaji dodoso wala mtaalamu, na mtu yeyote akipita shuleni siku ya Alhamisi anaweza kulihakikisha. Mwandishi hodari hutafuta kitu cha namna hiyo, kidogo na cha karibu na kilichonunuliwa, na hutumia nafasi yake hapo.

Mwenyekiti wetu akiyatia haya moyoni, barua yake inaweza kusomeka hivi. Kichwa chake, yaani ule mstari unaoonekana kabla barua haijafunguliwa: "Asanteni: matangi ya maji yanatumika, na hesabu ya Sh 12,412,500". Kisha:

"Kwa ndugu zetu mlioko Maskati, Assalaam aleikum.

Tangu Januari, isipokuwa wiki tatu tunazozieleza hapa chini, wasichana wa darasa la sita na la saba hawatoki tena darasani kwenda kisimani Jumatatu na Alhamisi. Hilo limewezekana kwa fedha mlizochanga, na kwa niaba ya kamati, walimu na wazazi tunawashukuru sana. Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alimwambia mwalimu wake: 'Siku hizi Alhamisi nasoma hisabati, ila koki ya mwisho inavuja.' Koki hiyo tumeshaibadilisha.

Mlituma dola 5,000. Agosti 20 ziliingia dola 4,965 baada ya makato ya benki ya katikati, zikabadilishwa kwa Sh 2,500, jumla Sh 12,412,500. Tumezitumia hivi: matangi mawili na kuyasafirisha Sh 4,680,000, msingi Sh 2,640,000, mifereji, mabomba na koki Sh 2,595,000, ufundi Sh 1,950,000, mafunzo ya kamati ya maji na dawa ya kutibu maji Sh 240,000, makato ya benki ya hapa Sh 22,500. Jumla Sh 12,127,500. Zimebaki Sh 285,000, zipo kwenye akaunti.

Msingi ulizidi makadirio kwa Sh 440,000 kwa sababu ardhi ni mchanga na matangi yakijaa yana tani 20 za maji. Fundi alilazimika kuchimba zaidi. Mlituridhia Septemba 14, na nafuu tuliyopata kwenye bei ya matangi ililipia. Wazazi walileta mawe na mchanga na kuchimba msingi kwa siku nne; hayo hayamo katika hesabu hii.

Matangi yalijaa Desemba. Maji yalitosha watoto 384 hadi wiki ya mwisho ya Februari. Kuanzia hapo hadi masika ilipoanza, yapata wiki tatu, tulirudi kisimani, na wasichana wakakosa tena vipindi. Tulipoomba fedha hatukuwa tumepiga hesabu hiyo vizuri.

Tunaomba ruhusa yenu kutumia salio la Sh 285,000 kununua koki za akiba na wavu wa kuzuia majani kwenye mifereji. Kama mnaona vingine, tuambieni. Hatutazigusa kabla ya jibu lenu. Tumeambatisha mchanganuo, risiti na picha tatu.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti wa kamati ya shule, pamoja na Mwalimu Mkuu."

Irudie pole pole uone ilivyojengwa. Shukrani ipo juu, imekaa katika sentensi ya pili, na imetanguliwa na kitu kilichobadilika. Wengi hudhani kwamba barua yenye hesabu inakuwa kavu na kwamba heshima inadai aya nzima ya kushukuru kwanza. Sioni hivyo. Salamu na dua zina mahali pake. Ndugu wa Maskati wangeona ukosefu wa adabu barua ikianza bila salamu. Lakini shukrani hupimwa kwa kinachotajwa. "Msaada wenu mkubwa" unaweza kumwendea mtu yeyote aliyewahi kutoa chochote. "Limewezekana kwa fedha mlizochanga", likikaa karibu na wasichana na Alhamisi, halimwendei mwingine. Na pale wazazi walipotajwa kwa mawe yao na siku zao nne, mfadhili hakupunguziwa kitu. Ameonyeshwa kwamba fedha zake hazikuwa peke yake. Wapo wanaoigeuza nguvu kazi hiyo kuwa shilingi na kuichanganya na matumizi ya ruzuku ili jumla ionekane kubwa. Mkaguzi hapendi, na ana haki.

Nukuu ya mwanafunzi nayo inastahili jicho. Nukuu za kubuni zinajulikana kwa ukamilifu wake: mtoto wa miaka kumi na miwili anasema "mradi huu umebadilisha maisha yetu kwa kiasi kikubwa". Nukuu ya kweli huja na kitu ambacho hakuna aliyekiomba, kama koki inayovuja.

Picha tatu zinatosha: msingi kabla tangi halijawekwa, mfereji unavyoungana na bomba, na watoto kwenye koki wakati wa kunywa. Ile ya msingi ndiyo yenye thamani, maana tangi likishakaa juu hakuna atakayeuona tena. Kwa picha za watoto, idhini ya wazazi ni lazima. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na kumpiga mtoto picha kwa nyuma hakupunguzi ushahidi hata kidogo. Viambatisho vikizidi megabaiti 25 barua nyingi hazitoki, kwa hiyo vipunguzwe ukubwa kabla. Jambo lisilokubalika ni barua ambayo hesabu yote imo kwenye kiambatisho na mwilini mna "tafadhali angalieni". Wengi wa wale ndugu wataisoma kwenye simu, kazini, wakati wa mapumziko, na hawatafungua faili lolote.

Ikiwa mkataba unadai taarifa rasmi kwenye fomu ya mfadhili, barua hii haichukui nafasi yake. Hutangulia, na tarakimu zake lazima zilingane na za fomu. Tofauti ya hata Sh 22,500, kwa mfano makato ya benki yaliyosahauliwa upande mmoja, itazaa barua nyingine tatu za kuulizana.

Limebaki lile la kuomba tena. Barua ya kwanza iliomba vyoo, madawati na nyumba za walimu katika pumzi moja, na msomaji akaachwa na hisia kwamba shukrani ilikuwa njia ya kufikia ombi. Ya pili haikuomba kitu zaidi ya ruhusa. Ila itazame aya ya wiki tatu za ukame kwa jicho la mtu aliyechangia. Wiki tatu ni siku 15 za shule. Kwa lita 576 kila siku ni lita 8,640, chini ya tangi moja la lita 10,000. Mtu wa Maskati atapiga hesabu hiyo mwenyewe kabla hajamaliza kunywa kahawa, na swali atakalouliza litakuwa la kiufundi: paa lililopo litatosha kujaza tangi la tatu wakati wa vuli, au mtahitaji kufunga mifereji kwenye jengo la pili? Mwenyekiti akiwa na jibu tayari, kwamba lita 30,000 zinahitaji milimita 156 hivi za mvua kwenye paa lilelile, na kwamba fundi ameshakagua kama msingi unaweza kurefushwa upande wa mashariki, barua inayofuata itatoka Maskati.